Deni la kirikuu linapunguza zaka ya duka?

Mwenye duka la pembejeo, Uyole: Asalaam aleikum. Hauli ya duka langu, yaani mwaka wa kuhesabia zaka, hutimia mosi Ramadhani. Nina mali kauli ya msambazaji na mkopo wa benki wa kirikuu, gari dogo la mizigo. Nikiyaondoa madeni yote, zaka inatoweka kabisa, na roho haitulii. Niyaondoe au nisiyaondoe?

Mwalimu wa madrasa, Mbeya mjini: Waaleikum salaam. Dada, deni tuliweke pembeni kwanza, fungua daftari. Una mzigo wa kiasi gani, fedha kiasi gani, na unawadai nani? Rafu, mizani, friji ya dawa za mifugo na hilo gari usiviandike, maana huviuzi.

Mwenye duka la pembejeo: Mzigo nimeuhesabu jana mpaka saa nne usiku, milioni 31. Benki na kwenye simu milioni 6.4. Wakulima nawadai milioni 14.6, ila humo milioni 5 ni za watu wawili waliohamia Tunduma, simu hawapokei. Msambazaji ananidai milioni 12, namlipa baada ya miezi miwili. Mkopo umebaki milioni 24 kwa miaka mitatu, milioni 8 kila mwaka. Nilinunulia kirikuu ya kupelekea mbolea vijijini.

Muuza vipuri, Mwanjelwa: Mbona jambo jepesi, mama. Andika mzigo kwa bei uliyonunulia, ondoa madeni yako yote, kinachobaki toa mbili na nusu kwa mia. Sayyidna Uthmani aliwaambia watu, huu ni mwezi wa zaka yenu, mwenye deni alilipe. Mimi nafanya hivyo mwaka wa tisa huu.

Mwalimu wa madrasa: Kaka, kauli ya Uthmani umeipata, ila isome vizuri. Alisema mwenye deni *alilipe*, ndipo itolewe zaka kwa kinachobaki. Ukimlipa msambazaji leo, kabla hauli haijatimia, fedha imetoka mkononi na hakuna anayebishana. Ubishi ni kwa yule ambaye fedha bado anayo, anaizungusha, halafu anaikata kwa kalamu tu.

Bei ya kununulia nayo siyo. Anahesabu kwa bei ya soko ya siku hauli inapotimia. Mfuko wa mbolea alioununua msimu uliopita unaweza kuwa umepanda au umeshuka, na zaka inafuata thamani ya leo. Dada, hiyo milioni 31 umeipataje?

Mwenye duka la pembejeo: Kwa bei ya rejareja, ile iliyobandikwa. Na ndani yake kuna mbegu za mahindi za laki sita ambazo tarehe imepita.

Mhasibu, Iringa: Basi hesabu irudiwe. Mbegu zilizopitwa na tarehe huruhusiwi kuziuza kama mbegu, kwa hiyo thamani yake ni sifuri, au kile utakachopata ukiziuza kwa njia halali nyingine, kama ipo. Na wanaouza kwa jumla hukadiria kwa bei ya jumla, yaani ungelipwa kiasi gani leo mtu akibeba stoo nzima. Bei ya kubandika ina faida ambayo hujaipata bado.

Mwenye duka la pembejeo: Wauzaji wa rejareja kama mimi je? Naona wengine wanasema rejareja ni sawa.

Mhasibu, Iringa: Wapo wanaosema hivyo. Chagua njia moja uishike kila mwaka, usirukeruke. Kwa leo tuache 31 isimame ili tufike kwenye swali lako.

Mwenye miti, Mafinga: Samahani naingilia. Mimi nina ekari sita za misindano nimepanda mwenyewe, mwaka wa kumi na mbili sasa, nia ni kuuza mbao. Na mimi nikadirie kila Ramadhani? Fedha ya kulipa sina mpaka nivune!

Mwalimu wa madrasa: Mzee wangu, hiyo si bidhaa ya dada. Kwa Mashafii, mali huwa ya biashara pale unapoipata kwa kubadilishana, kama kuinunua, ukiwa na nia ya kuiuza. Miti uliyoipanda mwenyewe haijaingia humo, ngoja uuze, fedha ianze hauli yake. Ungenunua kitalu cha mtu kikiwa kimesimama ili ukiuze, hapo ungekadiria kila mwaka.

Mwenye miti, Mafinga: Jirani yangu kafanya hivyo hasa, na hajatoa hata senti. Nitamwambia.

Mhasibu, Iringa: Turudi Uyole. Mzigo 31, fedha 6.4, na madeni ya wakulima wanaolipa 9.6. Jumla milioni 47. Zile 5 za Tunduma ziache, ukizipata utazitolea zaka siku hiyo.

Ukishika kauli ya mwisho ya Imamu Shafii, deni halizuii zaka. Unatoa 1,175,000. Ukiondoa ya msambazaji tu, inabaki 35, unatoa 875,000. Ukiondoa na mkopo wote, inabaki 11. Sasa pima na nisabu, kiwango cha chini cha mali inayodaiwa zaka: dhahabu gramu 85. Wa Mbeya ulizeni bei soko la madini Chunya. Tukichukua mfano wa shilingi 300,000 kwa gramu, nisabu ni 25,500,000, kwa hiyo ukifika kwenye 11 hudaiwi kitu. Ndiyo maana zaka inatoweka.

Muuza vipuri: Si ndivyo nilivyosema? Hadaiwi.

Mhasibu, Iringa: Hapana, hapo ndipo pana kasoro. Kirikuu haimo kwenye milioni 47, tumeiacha kwa kuwa ni chombo cha kazi. Deni la kirikuu ukiliondoa kwenye mbolea, umeiondoa kirikuu mara mbili. Wanaokubali kuondoa deni la muda mrefu, wengi wa zama zetu wanaondoa awamu za mwaka huu tu. Hata hivyo ukiondoa 12 na hizo 8, inabaki 27, zaka ni 675,000. Mimi naona hata hizo 8 zisiondolewe.

Mwalimu wa madrasa: Kwenye kirikuu niko nawe. Kwa msambazaji siko nawe sana. Wengi wetu huku ni Mashafii, na mifuko ya mali kauli imo stoo kwa dada, anaiuza na kula faida yake. Kwa nini maskini ndiye abebe deni hilo?

Mhasibu, Iringa: Kwa sababu ile mifuko nayo tumeihesabu kwenye 31, shehe. Deni lake lina mali yake upande wa pili wa daftari. Mahanafi na Mahanbali wanaliondoa, na mimi nawafuata hapo.

Muuza vipuri: Na huo mkopo wa benki una riba, mbona hamlisemi?

Mwalimu wa madrasa: Tutalisema siku nyingine, swali leo ni zaka.

Mwenye duka la pembejeo: Ila wakulima hawajanilipa. Ramadhani siku hizi inaangukia Februari, mahindi yako shambani, wanalipa kuanzia Juni. Nitoe fedha ambayo sijaiona?

Mwalimu wa madrasa: Deni ambalo muda wake haujafika, kwetu hulazimiki kulitolea kabla ya kulipokea. Ukilipwa Juni, unatoa kwa muda uliopita. Hiyo 9.6 peke yake ni 240,000. Ukitaka kuitoa sasa ni hiari yako, na wengi hufanya hivyo wasisahau.

Mwenye duka la pembejeo: Basi 240,000 naiandika ukurasa wa Juni. Mume wangu anasema tufuate shehe, 1,175,000. Mimi bado niko kwenye 875,000 ya mhasibu. Kesho naanza kuhesabu upya kwa bei ya jumla, na zile mbegu nazitoa rafuni leo.