Bafu la ghorofa ya pili: bomba moja kwa moja, tanki la juu au pampu?

Mjenzi_Goba: Wakuu, wiki hii nanunua vifaa. Bafu la juu nilipeleke maji ya mamlaka moja kwa moja, niweke tanki juu ya paa, au pampu? Presha huku ni nzuri tu.

FundiBomba: "Nzuri" ndiyo nini? Bafu liko juu kiasi gani, na umepima kwa geji?

Kipara78: Pampu. Maswali ya nini.

Mjenzi_Goba: Toka bomba la uani hadi shawa ni mita 7.5. Geji kwenye bomba hilo imesoma baa 1.4.

Kipara78: Basi pampu ya nini? Baa moja inapandisha maji mita 10. Una 14, toa 7.5, zinabaki 6.5. Shawa inataka kama mita 5.

FundiBomba: Urefu umepiga sawa, ila nadhani kila bomba lilikuwa limefungwa. Hiyo ni presha ya maji yaliyosimama. Rudia alfajiri majirani wakioga, geji ibaki palepale, ufungue bomba lingine baada ya dira. Usome maji yakitembea.

Dada_Tanga: Pampu usifunge moja kwa moja kwenye bomba la mtaani! Fundi wetu alifanya hivyo. Maji ya mtaani yakipungua, pampu inavuta kwa nguvu, na palipokuwa na ufa chini ya ardhi ikafyonza tope. Tukaoga maji ya kahawia, shawa zikaziba, jirani akaja kulalamika kwamba tunamnyonya. Mwisho tuliweka tanki chini, pampu ikawa inavuta humo.

Mzee_wa_Saiti: Mimi bili imepanda na maji hayatoki. Nani anajua?

Mjenzi_Goba: Nimerudia. Saa 12 asubuhi, bomba la pili likiwa wazi, imeshuka hadi 0.9. Saa 8 usiku, yote yamefungwa, ni 2.1.

FundiBomba: 9 toa 7.5 ni mita moja na nusu, na hujatoa kinachopotelea kwenye mabomba na elbo. Asubuhi shawa itadondosha tu. Lakini kabla ya kununua, tazama koki ya dira kama imefunguka yote, na bomba la kuingilia lina ukubwa gani. Kufungua bomba moja kukashusha nusu baa, mara nyingi pamebana mahali.

Kipara78: Si tanki la juu tu, usiku linajaa lenyewe.

FundiBomba: Linajaa, ndiyo. Ila likikaa juu ya slabu, maji yanakuwa mita mbili tu juu ya shawa, na presha ni hizo mbili. Ndoo itajaa, hita ya shawa ya umeme huenda isiwake.

Dada_Tanga: Yetu ilikuwa haiwaki hata kidogo.

Mjenzi_Goba: Bomba ni nusu inchi, toka dira hadi nyumbani mita 40 hivi.

FundiBomba: Aah! Ndiyo unasema leo?

Mzee_wa_Saiti: Jamani bili yangu. Hewa nayo inazungusha dira au haizungushi?

Kipara78: Inazungusha mzee, sikiliza usiku maji yakianza kurudi.