Maumivu ya ghafla ya korodani moja: tupeane uzoefu

BabaWawili: Wakuu, mwanangu wa miaka 14 aliamka saa nane usiku analia tumbo, akatapika. Nilipombana akasema ukweli: korodani ya kushoto. Ilikuwa imepanda juu kuliko mwenzake na imelala kimshazari, hataki hata kanga imguse. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa chumba cha upasuaji. Ilikuwa imejisokota, wameiokoa. Nani mwingine yamemkuta?

Mzee wa Pangani: Hiyo ni ngiri, huku Pwani tunaijua. Apumzike, asibebe mizigo. Yangu ina miaka inakuja na kuondoka.

Nesi wa Zamu: Shikamoo mzee wangu. Ngiri huvimba kinenani, nayo ikinasa ni dharura vilevile. Ya mtoto huyu ni nyingine. Korodani inaning'inia kwenye kamba yenye mishipa ya damu, na kamba ikijisokota damu haipiti. Wakiifungua ndani ya saa 6 nyingi zinapona. Kufika saa 12 ni kubahatisha, na ikipita siku nzima mara nyingi inatolewa. Saa hizo zinahesabiwa tangu maumivu yaanze, si tangu mfike mapokezi. Na mgonjwa asile chochote njiani, maana atapewa dawa ya usingizi.

Dulla_19: Mimi zahanati waliniambia ni maambukizi, wakanipa antibayotiki na diklofenaki. Kesho yake maumivu yakapungua, nikajua nimepona. Kumbe ilishakufa. Ikatolewa. Nashukuru nimepata mtoto na hiyo moja iliyobaki.

Nesi wa Zamu: Pole sana Dulla. Maambukizi yapo kweli, ila mara nyingi huja polepole kwa siku kadhaa, pengine na homa au mkojo unaochoma. Kijana aliyeshikwa ghafla, tena anatapika, achukuliwe kuwa imejisokota mpaka daktari athibitishe vinginevyo.

Mama Junior: Kwetu ultrasaundi ni mchana tu. Si bora kusubiri kipimo?

Nesi wa Zamu: Hapana dada. Dalili zikiwa wazi, daktari anapasua bila picha. Nenda moja kwa moja kwenye hospitali inayofanya upasuaji usiku. Ukipita zahanati kwanza, saa mbili zimekwenda.

Chande: Yangu hushika kama dakika kumi kisha inaacha yenyewe. Hapo nimesalimika?

Nesi wa Zamu: Huenda inajisokota na kujifungua. Usingoje siku itakayogoma kufunguka, nenda wiki hii kliniki ya upasuaji ueleze hivyohivyo. Wakikuta ndiyo, watazishona zote mbili zisizunguke, kwa sababu maumbile yanayoiruhusu kuzunguka mara nyingi yapo pande zote.

BabaWawili: Ni kweli, hata mwanangu walishona zote.

Dulla_19: Mimi sikumbuki kuambiwa habari ya kushona ya pili. Naweza kujuaje?

Nesi wa Zamu: Waombe maelezo ya upasuaji kwenye faili lako. Yasipoonekana, mwone daktari wa upasuaji mapema. Na hiyo iliyobaki ikikushika ghafla, hata kama ni usiku wa manane, toka muda huohuo.