Naomba ushauri: hisa yenye hatari zaidi inapewaje faida ndogo?

Habari zenu wakuu. Niko Kisumu, mtihani wa fedha za kampuni ni Jumatatu, na swali moja la CAPM limenikwamisha.

Hati za hazina zinalipa 10%, soko zima 15%, na mchepuko sanifu wa soko ni 16%. Hisa A ina mchepuko wa 40% na korelesheni ya 0.2 na soko. Hisa B ina 24% na 0.8. Nilitafuta beta kwa kuzidisha korelesheni na mchepuko wa hisa, kisha nikagawanya kwa 16. A ikatoka 0.5, B 1.2. Nikaingiza hapa:

```
E(R) = Rf + β(Rm − Rf)
```

A inadai 12.5%, B 16%. Hesabu nimerudia mara tatu, haibadiliki. Lakini A ndiyo inayoyumba kama mtumbwi ziwani!

Nadhani sehemu kubwa ya mtikisiko wa A ni mambo ya kampuni yenyewe, ambayo mwenye hisa nyingi tofauti huyafuta, kwa hiyo soko halimlipi. Je, hoja hiyo inatosha kupata alama? Na mtu aliyeweka pesa zake zote kwa A peke yake, hiyo 12.5% bado inamfaa?