Utani wenu umemfanya mdogo wangu azime simu

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Mdogo wangu anauza zabibu Nkuhungu, hapa Dodoma. Alirekodi video fupi amekaa na beseni lake, akataja bei na namba ya kuagizia. Komenti ya kwanza ikasema: "Leo Mgogo anauza? Tumezoea anaomba." Akajibu: "Njoo mtani, leo naomba hela yako kwa kilo." Wakacheka. Yule kaka ni Mnyamwezi, wanafahamiana, na kesho yake alikuja akanunua kilo tatu. Sisi utani huo tumekua nao, hata msibani mtani anatuchokoza na tunamwachia. Hapo sina neno.

Halafu ukurasa mmoja wenye wafuasi wengi ukaichukua video. Wakabandika ile komenti ya kwanza, jibu la mdogo wangu wakaliacha, juu wakaandika: "Ombaomba wa Dodoma kaingia kwenye biashara." Kufikia asubuhi komenti zilipita elfu mbili. Mtani ni mtu unayemjua, naye kesho atakurudishia, na mkizidisha yupo mzee wa kusema basi. Hawa elfu mbili atawarudishia vipi binti mmoja?

Nilizisoma pamoja naye. Mwanzoni ni neno lilelile, kuomba, kuomba. Lakini utani ukirudiwa mara hamsini hauchekeshi tena, kwa hiyo kila anayefika anaongeza chumvi ili naye apate laiki. Wakahamia kwenye kanga yake, kisha mwili wake, kisha "huyu anauza na nini kingine?" Saa kumi alfajiri wanaume walikuwa wanampigia. Na linaloniuma zaidi, mimi mwenyewe nilimjibu yule mwenye tusi baya kuliko wote mara kumi na nne nikidhani namtetea dada. Komenti yake ikapanda juu kabisa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na majibu mengi.

Kisha zikaanza kuingia hela. Shilingi 500, shilingi 500, kwenye namba ileile ya kuagizia, na meseji: "sadaka yako." Zilikuwa kumi na moja. Aliziandika kwenye daftari lake la wateja, jina na saa, akazima simu.

Nilipokwenda kushtaki niliulizwa: "Unamshtaki nani?" Nikakosa la kusema. Nifanyeje?

Jibu la 1
Mkuu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23. Faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Peleka wote elfu mbili. Na dada afute video sasa hivi.

Jibu la 2
Kifungu ni hicho, ila asifute kwanza. Nimesimamia kurasa miaka sita. Akifuta yake, nakala ya wale inabaki, na linalopotea ni lile jibu lake la kwanza linaloonyesha mambo yalianzaje. Afunge komenti tu.

Hao elfu mbili huwapati. Kifungu kinataka ionekane mtumaji alikusudia kutisha, kusumbua au kuumiza, na aliyeandika "hahaha ombaomba" mara moja atasema alitania. Kila mmoja kweli ametupa kajiwe kamoja. Kaa na wale wachache: aliyekata jibu na kuandika kile kichwa, waliopiga alfajiri, waliomfuata inboksi. Piga skrinshoti inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na linki, maana majina ya akaunti hubadilishwa. Ile laini asiitupe, ina kumbukumbu za simu. Na wewe acha kujibu, kaka. Ripoti, usijibu.

Jibu la 3
Mimi walinitania lafudhi kwenye grupu la darasa, watu sitini tu. Nikajitoa. Kumbe ratiba ya mtihani ilitangazwa humo humo, nikakosa mtihani. Kwa hiyo unataka dada aache kuuza?

Jibu la 4
Mwenye kosa ni huyo Mnyamwezi. Asingeanza yeye, wasingepata pa kushika.

Mwenye uzi
Jibu la 4, hapana. Amekuja nyumbani kaomba radhi kwa mama, na komenti yake ameifuta. Ila kwenye skrinshoti ya wale bado ipo na jina lake, sasa wanampongeza kwa jambo ambalo hakulikusudia.

Jibu la 3, pole sana ndugu yangu. Hapana, sitaki aache kuuza.

Jibu la 2, nimeacha kujibu tangu nilipokusoma, na skrinshoti ninazo. Kufunga komenti amekataa, anasema wateja wake wa Makole na Area C wanaagizia humo humo na zabibu hazingoji. Sijui nimwambie nini hapo. Leo asubuhi aliwasha simu kidogo, akafungua daftari, akaanza kuzirudisha zile 500 moja moja. Amefika ya nne.