Nimealikwa usaili wa simu wa dakika 20, wanataka kujua lini naweza kuanza. Nijibuje?

Mtafutaji2
Habari za jioni wakuu. Niliomba nafasi ya msimamizi wa ghala, na leo afisa ajira wao ameniandikia. Anataka tuzungumze kwa simu kesho kutwa, Alhamisi, saa 4 asubuhi kwa dakika 20. Ameeleza kabisa tutakachozungumza: muhtasari wa uzoefu wangu, kwa nini nataka kuhama, matarajio ya mshahara na tarehe ninayoweza kuanza. Mwisho kuna dakika chache za maswali yangu.

Hiyo tarehe ndiyo inayoninyima usingizi. Niseme nini nisichujwe mapema? Naombeni ushauri wa haraka.

Mama Pacha
Hongera mdogo wangu. Tafuta chumba kimya! Mimi nilipigiwa nikiwa ndani ya basi, kondakta anaita abiria, mtoto wa jirani analia. Kila nilichoulizwa nikaitikia "ndiyo, ndiyo". Kumbe mojawapo ya maswali lilikuwa kama niko tayari kufanya zamu ya usiku, na mimi nina wachanga wawili. Chaji simu, weka wasifu wako na tangazo la kazi mezani, na kalamu.

Kifaru Mtulivu
Tarehe si tatizo, tatizo ni mshahara. Usitaje namba hata wakikubana vipi. Anayetaja kwanza ndiye anayeumia. Waambie "tutaongea mbele ya safari", basi.

Bi Tausi
Mtafutaji2, kazi hii ya kupiga simu nimeifanya miaka mingi, ngoja nikueleze upande wa pili wa simu unavyokuwa.

Anayekupigia mara nyingi si yule utakayefanya kazi chini yake. Mbele yake ana fomu yenye nafasi za kujaza, na orodha ya watu wengine wa kupigia siku hiyo hiyo. Dakika mbili za kusalimiana na kuhakikisha muda bado unakufaa. Kama dakika nne anakueleza kazi yenyewe. Saba au nane ni zako: ujieleze kwa kifupi, dakika moja na nusu inatosha, kisha sababu ya kuhama. Zinazobaki ni mshahara, tarehe na maswali yako. Hachimbi ujuzi wako kwa kina, hiyo ni kazi ya mkuu wa idara hatua inayofuata. Yeye anatafuta kitu ambacho kingewapotezea muda wote wawili baadaye.

Kifaru, kwenye mshahara uko sahihi nusu. Kuanza kwa kuuliza "nafasi hii mmeitengea kiasi gani?" ni vizuri, na wengi wanajibu. Lakini ukiulizwa mara ya pili ukaendelea kukwepa, ile nafasi kwenye fomu inabaki tupu, na mkuu wa idara anaweza kuamua kwamba wewe ni ghali. Taja kiwango cha chini na cha juu, na hicho cha chini kiwe unachoweza kukipokea kweli. Useme pia kama ni kabla ya makato au baada.

Sasa nikuulize: tarehe inakutisha kwa nini? Mkataba wako unadai notisi ya muda gani?

Mtafutaji2
Asante Bi Tausi. Notisi ipo, ila si ya kutisha sana. Nilitaka tu namna nzuri ya kulisema.

Bi Tausi
"Si ya kutisha sana" ni muda gani? Na kwenye fomu ya maombi ulijaza nini?

Nyuki
Hapo sasa! Usaili wa simu umeanza kabla ya Alhamisi 😂

Mtafutaji2
Haya. Notisi ni miezi mitatu. Kwenye fomu nilichagua "mara moja", kwa sababu ilikuwa na majibu matatu tu: mara moja, ndani ya mwezi mmoja, ndani ya miezi miwili. Langu halikuwepo.

Kwa hiyo nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Nataka kuikabidhi kesho asubuhi, ili Alhamisi niseme kwa haki kwamba notisi imeshaanza kuhesabiwa. Msinione nimekurupuka. Tangazo limeeleza kazi yangu neno kwa neno, na afisa asingeandika barua ndefu hivyo kama hawanitaki.

Jicho Pevu
Hii chai wadau. Jioni yote mnamhurumia mtu aliyeandika kwamba anaweza kuanza mara moja, sasa ghafla ana mwajiri na notisi ya miezi mitatu. Na afisa ajira gani anampangia mwombaji maswali kabla ya kumpigia? Mimi nilipigiwa bila taarifa, nikaulizwa papo hapo.

Kifaru Mtulivu
Hata mimi nimeanza kunusa. Au ni matapeli wamemtumia hiyo barua. Wamekuomba hela au nakala ya kitambulisho?

Mtafutaji2
Sina sababu ya kutunga. Hawajaomba hela wala kitambulisho. Barua imetoka kwenye anwani yenye jina la kampuni lile lile lililo kwenye tangazo. Nanakili kipande, majina nimeyatoa:

"Mazungumzo yatachukua takriban dakika 20. Si mtihani wa kiufundi. Tutapitia uzoefu wako, sababu za kutafuta nafasi mpya, matarajio ya mshahara na upatikanaji wako. Kama muda huu haukufai, tafadhali pendekeza mwingine."

Bi Tausi
Barua za hivyo zipo tele, Jicho Pevu. Anayeeleza mapema anapata majibu yaliyofikiriwa na simu inaisha kwa wakati. Mara nyingi ni maneno yale yale wanayotumiwa wote walioitwa, ndiyo maana urefu wake haumaanishi kwamba wamekuchagua, Mtafutaji2.

Ile barua ya kuacha kazi usiikabidhi kesho. Baada ya simu hii kuna mkuu wa idara, pengine jaribio, kisha kuulizia sifa zako, ndipo ofa ya maandishi. Ukitolewa njiani utakuwa umeshajifungia mlango wa kule uliko.

Na hiyo "mara moja" irekebishe sasa, kabla ya simu. Ikiachwa, anainakili kwenye muhtasari anaompelekea mkuu wa idara, naye anapanga zamu kwa kuihesabu. Ukweli utatoka siku ya ofa, ambapo kila mtu atakasirika. Jibu mwaliko hivi: "Nathibitisha Alhamisi saa 4. Naomba kurekebisha fomu yangu: mkataba wangu una notisi ya miezi mitatu, na fomu haikuwa na jibu hilo. Niko tayari kuzungumzia namna ya kuifupisha." Kama miezi mitatu haiwezekani kwao, afadhali ujue kesho.

Mama Pacha
Kwani likizo yake aliyobakiza haiwezi kupunguza hiyo notisi? Kwetu mtu aliondoka mapema kwa njia hiyo.

Bi Tausi
Kuna mahali inaruhusiwa na mahali hairuhusiwi. Asome mkataba, aangalie pia kama anaweza kulipa mshahara badala ya kutumikia notisi. Ila asimuahidi afisa jambo ambalo mwajiri wake hajalikubali.

Jicho Pevu
Sawa, barua naikubali. Lakini bado nasema miezi mitatu itamtoa, asubiri aone.

Mtafutaji2
Nimetuma muda si mrefu, na afisa amejibu: "Asante kwa kunijulisha, tutalizungumza kwenye simu." Hilo ni zuri au baya? Barua ya kuacha kazi bado ninayo kwenye begi, sijaamua.

Bi Tausi
Si zuri wala si baya, hajakufuta kwenye orodha. Alhamisi, akimaliza kukueleza kazi, muulize kwanza wanataka mtu aanze lini na kama tarehe hiyo inaweza kusogea. Na begi uliache nyumbani kesho.