Hivi "mapema wiki ijayo" ndiyo tarehe ngapi? Ofisi za uhasibu mnatuponza na VAT

Kitunguu_Maji (mwanzisha uzi)

Wakuu, huu ujinga umezidi. Ujumbe unaingia kwa wateja: "Ndugu mteja, tuletee risiti za Septemba mapema wiki ijayo kwa ajili ya VAT." Basi. Halafu tarehe 19 simu zinapigwa kama nyumba inaungua.

Anayeusoma Ijumaa tarehe 3 anaelewa wiki inayoanza tarehe 6. Aliyeufungua Jumatatu, kwake wiki ijayo inaanza tarehe 13. Wote wako sahihi, ila huyu wa pili keshachelewa na hana habari.

Shika kalenda ya Oktoba 2025 uhesabu kurudi nyuma. Ritani ya Septemba mwisho ni tarehe 20, Jumatatu. Tarehe 18 na 19 ni wikiendi, kwa hiyo mwenye akili anawasilisha Ijumaa tarehe 17, mtandao ukigoma abaki na Jumatatu ya akiba. Kulinganisha risiti na vitabu kunakula siku mbili, yaani tarehe 15 na 16. Tarehe 14 ni Nyerere Day, ofisi imefungwa. Inabaki Jumatatu tarehe 13 ya kufukuzia risiti zilizopungua, maana hazikosekani. Kwa hiyo siku ya mteja ni Ijumaa tarehe 10. Hesabu hiyo mhasibu anayo kichwani, kwa nini asiiandike?

Andikeni hivi: "Tuletee risiti za EFD za mauzo na manunuzi ya Septemba. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa tarehe 10 Oktoba, saa 10 jioni (16:00). Zitakazochelewa zitaingia ritani ya Oktoba."

Na msiandike "kabla ya Ijumaa". Nusu ya watu wanaihesabu Ijumaa, nusu hawaihesabu.

Mzee_wa_Duka

Sasa mkuu, nikichelewa faini ni shilingi ngapi? Mimi risiti zangu ziko kwenye boksi tu.

Kitunguu_Maji

Mzee wangu, faini ina uzi wake. Hapa tunazungumzia ujumbe. Lakini hilo boksi lipeleke leo.

Chapchap

Mnakuza mambo. Kila mfanyabiashara anajua VAT ni tarehe 20. Andika "mwisho tarehe 20", yaishe.

Bi_Leja

Chapchap, tarehe 20 ni kweli, lakini hiyo ni ya mhasibu na TRA. Ukimpa mteja tarehe 20, atakuletea mfuko wa risiti tarehe 20 saa 9 alasiri, na nusu yake zimefutika wino.

Kitunguu, hesabu yako nimeipenda, ila sentensi ya mwisho itawaponza watu. Risiti za manunuzi zikichelewa, zinaweza kudaiwa ritani inayofuata. Mauzo hayasubiri, ya Septemba yanaingia Septemba. Tenganisha: "Risiti za manunuzi zitakazochelewa tutazidai Oktoba. Ripoti ya mauzo ya mashine lazima ifike siku hiyo." Mteja akijua kipi kinasubiri na kipi hakisubiri, anajua aanze na kipi.

Kitunguu_Maji

Hapo umenisahihisha, dada. Shukrani.

Mwana_wa_Forodhani

Mtazame na saa. "Usiku wa Ijumaa" kwetu pwani ni Alhamisi baada ya magharibi. Bara wanaelewa Ijumaa yenyewe ikishaingia giza. Na "saa 6 usiku tarehe 10" ni usiku upi, wa kuamkia 10 au 11? Kama ni ya kutuma kwa simu, andika tarehe 10, 23:59. Hiyo 16:00 kwenye mabano iacheni hapohapo, kwa sababu kijana wa siku hizi ukimwambia saa 10 anatega kengele 10:00.

Mkenya_Halisi

Huku kwetu shida ni ileile. VAT ni tarehe 20 pia, lakini PAYE ni tarehe 9. Bosi akisema "leteni za payroll mwanzo wa mwezi", mtu analeta tarehe 8 jioni na ana amani kabisa.

Safari_Bukavu

Mimi niko Bukavu, mhasibu wangu yuko Dar. Saa 10 yenu jioni kwangu bado ni saa 9. Mtu akiandika "saa za Dar" tu, inatosha.

Chapchap

Sawa, nimekubali kwa risiti. Lakini kama mhasibu mwenyewe anasubiri taarifa ya benki? Tarehe ataitoa wapi?

Bi_Leja

Asitoe tarehe ya kumaliza. Atoe ya kujibu: "Benki haijaleta taarifa. Jumatatu tarehe 13 saa 5 asubuhi (11:00) nitakupigia, iwe imekuja au haijaja." Na hiyo simu aipige kweli.

Mzee_wa_Duka

Na mteja mkubwa anayelipa vizuri akileta tarehe 16? Mtamkatalia?

Kitunguu_Maji

Mzee, hapo ndipo ofisi nyingi zinapolainika. Hata mimi nasubiri mwenye jibu.