Wamekataa kunilipa mabango kisa nimeandika KLABU YA KOMPYUTA

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, mnisamehe.

Mimi ni mchora mabango, karakana yangu iko Mlango Mmoja hapa Mwanza. Wiki iliyopita shule moja ya binafsi, jina naliacha, iliniagiza mabango mawili ya futi nne kwa mbili. La kwanza KLABU YA KOMPYUTA, la pili CHUMBA CHA TELEVISHENI. Tulikubaliana shilingi 90,000, wakatanguliza 30,000 ya plaiwudi na rangi.

Jumatatu nimepeleka. Mhusika akasimama mbele ya bango, akaangalia weee, kisha akasema, "Hiki siyo Kiswahili." Akatoa kalamu ya wino mfukoni akaipiga mkato ile Y, juu ya rangi ya mafuta iliyokuwa bado inanata! Anataka KILABU YA KOMPUTA. Eti Kiingereza chenyewe hakina Y kwenye hilo neno, na eti Kiswahili hakiruhusu K na L zigusane. Salio hatoi mpaka nirudie kwa gharama yangu.

Sirudii. Kiswahili hatunakili herufi za mwenye neno, tunaandika kinachotoka mdomoni. Mwingereza ameandika U, lakini msikilize akitamka: anapita kwenye "yu". Na sauti hiyo hatukuazima kwake. Tamka "mpya" polepole. Midomo inapofunga kwenye P, ulimi tayari umeshapanda kuitafuta Y. Sauti tunayo tangu enzi za mababu, ndiyo maana kompyuta ilipokuja ikakuta nafasi yake ipo: kom-pyu-ta. Na kama ni kufuata herufi zao, mbona haniulizi R yao ya mwisho imekwenda wapi? Imegeuka A, kama kwenye mita, lita na meneja, kwa sababu A ndiyo tuliyoisikia.

Halafu hiyo KILABU. Nani huku Kanda ya Ziwa hajui kilabu ni nini? Ni pale wazee wanapokunywa pombe ya kienyeji. Niiandike kwenye mlango wa darasa la watoto?

TELEVISHENI hajaigusa, lakini nayo kaizuia. Naomba wenye kujua lugha waniambie: nimekosea wapi?

Mzee wa Igoma: Kijana, pole, ila huyo mtu ana haki yake. Kiswahili kila konsonanti inafuatwa na irabu. Bibi yangu alipanda sitima kwenda Bukoba, hakupanda "stima". Alisema gilasi, burashi. Kwa hiyo kilabu ndiyo Kiswahili chenyewe, klabu ni Kizungu kilichovaa kanzu.

Mchora mabango: Mzee wangu shikamoo. Kwa sheria hiyo benki itakuwa "beniki"? Na mpya je?

Mzee wa Igoma: Marahaba. Hizo zina M na N, ni kesi nyingine.

Msahihishaji: Nimesahihisha prufu za vitabu vya shule miaka mingi, niwasogezee kidogo. Mzee amesema kweli kuhusu M na N, hizo tangu zamani hukaa mbele ya konsonanti nyingine. Lakini "kila konsonanti" siyo sheria ya Kiswahili cha leo.

Lichukueni hilo neno lenyewe, maana limeingia kwetu mara mbili. Waingereza wanalimalizia kwenye B, na Kiswahili hakipendi neno liishie kwenye konsonanti ya namna hiyo. Tunafungulia mlango kwa irabu. Irabu gani? Sikilizeni midomo. Neno likiishia kwa sauti ya midomo, kama B, M au P, mara nyingi tunaweka U, kwa sababu nayo inatamkwa midomo ikiwa imeviringwa: klabu, timu, gramu, filamu, stempu. Likiishia kwa sauti nyingine, kwa kawaida tunaweka I: benki, keki, hoteli, risiti. Hapo mchora mabango na mhusika hawana ugomvi, wote wameandika BU.

Ugomvi uko mwanzoni. Waliolipokea kwa sikio tu, bila kupita darasani, walitia I kati ya K na L, wakapata kilabu. Ndiyo njia ya sitima ya bibi. Waliolipokea wakiwa wamezoea Kiingereza waliacha K na L pamoja, kama walivyoacha S na T kwenye stesheni na S na K kwenye skauti. Maneno mawili, mzazi mmoja.

Kisha ile I ikazaa jambo la ajabu. Kilabu likawa linafanana na kitabu, watu wakasema vilabu. Na kitabu lenyewe ni la Kiarabu, hiyo KI ni sehemu ya neno lao, ila sisi tuliisikia kama KI ya kiti. Klabu halina KI ya kukamata, kwa hiyo ni klabu hii, klabu hizi. Ukitaka kumpima mteja wako, mwombe aitie hiyo kilabu kwenye wingi.

Ila usimwone mjinga. Utasikia watangazaji wakisema vilabu vya mpira, na hawana maana ya pombe. KOMPYUTA uko sahihi moja kwa moja. KLABU ndiyo ningeiandika mimi, lakini siwezi kuapa kwamba KILABU ni kosa.

Mama Dagaa: Kaka yangu, hata mimi benki imenitesa! Jina langu Regina, fomu wakaandika Legina, hela zangu za dagaa zikakaa wiki mbili. Nilikwenda kutoka Mwaloni na nauli yangu mara tatu. Hizo herufi zinaumiza.

Msahihishaji: Pole dada. Lako ni la L na R, kwa wengi wetu huku Kisukuma ndicho kilichotangulia mdomoni, na chenyewe kinajitosheleza na L. Kiswahili kinazitenganisha: kula siyo kura. Ndiyo maana utasikia "ledio" na "loli", lakini kwenye karatasi ni redio na lori.

Mama Dagaa: Sasa aliyekosea ni nani, mimi au karani?

Msahihishaji: Karani. Jina lilikuwa kwenye kitambulisho, kazi yake ilikuwa kunakili tu.

Kijana wa Nyakato: Si mwandike tarakilishi na runinga yaishe?

Mchora mabango: Runinga nitaandika ukitaka. Tarakilishi nikiiweka mlangoni, mtoto atapita akitafuta chumba cha kompyuta.

Kijana wa Nyakato: Haya. Ila nina swali la kweli: kwa nini benki, gesi na betri zina E, halafu blanketi na jaketi zina A? Kwa Waingereza si irabu moja?

Msahihishaji: Ni moja, na kwa sikio letu inaangukia kati ya A na E. Sisi hatuna ya katikati, kwa hiyo kila neno lilivutwa upande mmoja. Kwa nini betri ikavutwa huku na jaketi kule, sijaona sheria inayotabiri. Unalijifunza neno kwa neno.

Mchora mabango: Leo asubuhi nimekwenda na kamusi mkononi. Nikamfungulia ukurasa wa kompyuta, akasoma mara mbili, akakubali Y. Nikamwomba wingi wa neno lake, akasema "vilabu ya kompyuta", akanyamaza. Lakini bado anang'ang'ania KILABU, anasema mkuu wa shule ndiye ataamua Jumatano. Mkwaruzo wa kalamu nimeupangusa kwa thina, nikairudishia Y rangi. Namdai 60,000, na bango la TELEVISHENI lisilo na ugomvi wowote bado kalifungia stoo.